Arap Rono: uchambuzi wa hadithi moja iliyokataa kusimama

Sentensi iliyotukalisha mezani Jumamosi 4 mfululizo ilikuwa hii: "Kibet alihisi uzito wa jina lake jipya ukimlemea mabegani kama gunia la mahindi." Ilikuwa kwenye ukurasa wa 9 wa hadithi fupi yenye kurasa 14. Mwandishi wake ni kijana wa miaka 22 anayeishi Umoja na ambaye kwao ni Kericho. Kikundi chetu cha uandishi kina watu 7 na hukutana katika maktaba moja ya Eastlands. Siku ile kila mmoja wetu alikuwa amepiga mstari chini ya sentensi hiyo, na hakuna aliyeweza kueleza kosa liko wapi. Sarufi ilikuwa sawa, na tashbihi ingeeleweka na mtu yeyote aliyewahi kubeba gunia. Hata hivyo gunia lenyewe lilikuwa tupu, na tulilihisi hivyo sote.

Ninaandika kisa hiki kwa ruhusa ya mwandishi, kwa sababu njia tuliyopita hadi gunia likapata kitu ndani ni njia ambayo wengine wanaoandika kuhusu jando watalazimika kuipita.

Hadithi yenyewe ilikuwa rahisi. Mvulana wa Kikipsigis, aliyezaliwa na kulelewa Nairobi, anamaliza darasa la nane mwaka 2023 pamoja na watahiniwa wa mwisho wa KCPE. Desemba anapelekwa kwao Kericho, anapashwa tohara, anakaa kibandani na wenzake, anapewa jina la utu uzima, halafu anatoka na watu wanacheza. Jina lake la utoto ni Kibet. Jina analopewa ni arap Rono. Tukio la kupewa jina lilikuwa kwenye kilele cha sherehe, likifuatwa na ile sentensi ya gunia, kisha kurasa 5 za shangwe.

Jumamosi ya kwanza tulifanya jaribio dogo ambalo sasa nalifanya kwa kila hadithi ya aina hii. Tulichukua kalamu, tukafuta "arap Rono" kila lilipotokea, tukaandika "arap Lagat". Kisha mmoja wetu akasoma kwa sauti kutoka mwanzo. Hakuna kilichobadilika. Mvulana alilia palepale, mama alipiga vigelegele palepale, na gunia lilimlemea palepale. Hapo tukajua kwamba kilichokuwa na uzito katika rasimu ile ni sherehe. Jina lilikuwa limepachikwa tu juu yake, na jina linaloweza kung'olewa bila hadithi kutikisika haliwezi kumlemea mtu.

Nilimuuliza mwandishi kwa nini arap Rono na si jina lingine. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. "Mwalimu, si baba yake ni Kiprono?"

Hapa lazima nikiri kosa langu. Mimi ni mtu wa Pwani, na nilikuwa nimesoma hadithi ile kwa masikio ya jando ninalolijua mimi. Nilidhani arap Rono ni jina jipya lililochaguliwa na wazee kwa ajili ya mtoto, jina la sifa au la tumaini. Sivyo. Kwa desturi ya Wakipsigis na Wanandi, mtoto wa kiume hupewa jina linaloeleza saa au hali aliyozaliwa, mara nyingi likianza na Kip au Ki. Kibet amezaliwa mchana. Kiprono amezaliwa jioni mbuzi wakirudi nyumbani. Kipkoech amezaliwa kukipambazuka. Mvulana akishapita jando, anaitwa kwa jina la baba yake, silabi ile ya mwanzo ikiwa imeondolewa na neno arap, yaani mwana wa, likiwa limewekwa mbele. Mwana wa Kiprono anakuwa arap Rono. Wakenya walilitamka jina la rais wao wa pili kwa miaka 24, kuanzia 1978 hadi 2002, na wengi wetu hatukuwahi kusikia kilichomo: baba yake Toroitich aliitwa Kimoi, ndiyo maana akawa arap Moi. Siku hizi si kila familia hufuata kanuni hii kikamilifu, lakini familia ya kwenye hadithi yetu inaifuata.

Sasa tazama kinachotokea ukiifuata kanuni hiyo hadi mwisho wake. Baba wa Kibet naye aliwahi kuwa mvulana. Aliitwa Kiprono mpaka siku alipotoka jandoni, na kwa kuwa baba yake yeye alikuwa Kipkoech, tangu siku hiyo watu walimwita arap Koech. Kiprono akabaki kuwa jina la yule mtoto aliyekuwa zamani. Kwa hiyo Kibet anapokuwa arap Rono, anachobeba si jina ambalo baba yake anaitwa nalo leo na wanaume wenzake. Anabeba jina la utoto wa baba yake, lile ambalo baba aliliacha mlangoni pa jando miaka mingi iliyopita.

Nilipoelewa hili niliiweka rasimu chini. Mwandishi alikuwa na hadithi kubwa mikononi na hakuiona, kwa sababu kwake yeye ilikuwa hewa ya kawaida. Alidhani kazi yake ni kutueleza jinsi mvulana anavyojisikia. Tulichohitaji kutoka kwake ni jambo lingine kabisa: Kiprono alikuwa mtoto wa namna gani?

Hakujua. Yaani mwandishi hakujua kuhusu mhusika wake, na pia, kama ilivyotokea, hakujua kuhusu baba yake mwenyewe, ambaye hadithi imejengwa juu yake kwa kiasi kikubwa. Akasema atapiga simu nyumbani.

Jumamosi ya pili alirudi na daftari. Si daftari lenyewe, picha yake kwenye simu. Babu yake alikuwa mkulima mdogo wa chai, mwenye vipande vya mashamba mteremkoni, na alikuwa na mazoea ya kuandika kwenye daftari la shule kila mtoto wake amechuma kilo ngapi kabla majani hayajapelekwa kwenye mizani ya kituo. Chai huchumwa majani mawili na chipukizi, kwa vidole, na mtoto anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kabla kikapu hakijaanza kuvuta mabega. Kwenye picha ile jina la baba yake lilikuwa limejirudia kwenye mistari kurasa nzima, na mbele yake tarakimu. Nyanya yake ndiye aliyeeleza kilichobaki: kifungua mimba yule aliacha shule darasa la sita ili wadogo zake wasome, na hilo halikujadiliwa na mtu.

Uzito tuliokuwa tukiutafuta ulikuwa umeandikwa tayari, tena kwa kilo.

Lakini kuwa na daftari si kuwa na hadithi. Toleo lililofuata lilikuwa baya kwa namna mpya. Mwandishi alimfanya nyanya amketishe Kibet usiku wa kuamkia jando na kumsimulia yote: shule, chai, sadaka ya baba, na "sasa jina hili utalibeba wewe." Kurasa 2 za hotuba. Mama mmoja kikundini, ambaye huongea mara moja tu kwa kikao, alisema, "Nyanya wa kweli hawezi kusema hivyo, kwa sababu bado linamuuma." Alisema kweli. Tena hotuba ile ilimpa msomaji maana ya jina kabla jina halijamfikia mvulana, kwa hiyo lilipomfikia halikuwa na kazi iliyobaki.

Dawa tuliyoipata ni kulitawanya jina mapema, katika midomo ya watu, bila maelezo. Katika toleo la tatu, tangu ukurasa wa 2, kila mtu kijijini anamwita baba arap Koech: mwenye duka, wajomba, mzee wa kanisa. Ni mtu mmoja tu anayeteleza. Nyanya, ambaye Kibet anamwita kogo, akiwa amechoka au akiwa na haraka, humwita mwanawe kwa jina alilompa yeye. Nanukuu:

"Rono, sogeza hicho kiti," kogo alisema. Baba aliinuka haraka, haraka kuliko alivyowahi kuinuka kwa ajili ya mtu yeyote Nairobi, akasogeza kiti, akabaki amesimama mikono ikiwa imening'inia. Kibet alitazama mikono ile. Haikuwa ikijua pa kwenda. Kisha kogo akakohoa na kusema, "Keti, arap Koech," na baba yake akarudi kuwa mkubwa.

Aya hiyo ndiyo iliyoiokoa hadithi, ingawa wakati tukiisoma haijasema lolote kuhusu jando. Msomaji anakutana na Rono akiwa kiumbe mwenye mwili, mtoto wa miaka 12 aliyejificha ndani ya mwanaume wa miaka 45, naye hujitokeza tu anapoitwa. Tukalifanya tena jaribio la kubadilisha jina. Safari hii arap Lagat liliivunja hadithi vipande viwili, maana hakuna Lagat yeyote aliyewahi kusogeza kiti.

Kabla ya kufika kwenye tukio la kupewa jina, tulikwama kwenye pingamizi la mwenzetu mwingine, anayefundisha shule ya msingi na kuita majina ya wanafunzi kila asubuhi. Alisema mtoto wa Nairobi ana cheti cha kuzaliwa, na kwenye vyeti hivyo jina la tatu liko tayari tangu siku ya kwanza. Kama cheti kinasema Brian Kibet Rono, basi mvulana ameitwa Rono tangu chekechea, na jando halina jipya la kumpa. Pingamizi zuri, na nimeona hadithi kadhaa zikianguka kwenye shimo hilo. Mwandishi alilijibu kutoka maishani: baba wengi waliohamia mjini huwapa watoto jina la mwisho lililo kwenye kitambulisho chao wenyewe. Baba wa Kibet ni Koech kwenye kitambulisho, kwa hiyo mtoto ni Brian Kibet Koech kwenye cheti, kwenye daftari la darasa na kwenye matokeo ya KCPE. Arap Rono halimo kwenye karatasi yoyote. Linaishi midomoni mwa watu wa Kericho peke yake, na hili likawa na faida kubwa baadaye, hadithi iliporudi mjini.

Kisha kibanda. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno zaidi ya 1,000 ndani ya menjo, yaani mahali wavulana wanapotengwa na kufundishwa na motiriot, mwalimu wao. Kulikuwa na kisu, nyimbo, na mafundisho yenyewe. Mwandishi alipita huko na anayajua. Tatizo ni kwamba yanayosemwa pale hayatolewi nje, na yeye mwenyewe, kila alipofika kwenye kurasa hizo, sentensi zake zilikuwa fupi na za woga, kama mtu anayetazama nyuma. Nilimwambia asiandike anachokiogopa kwa sababu ya mimi kutaka kukijua. Nilikuwa na sababu ya kisanii pia. Ukimpa msomaji kisu, hakumbuki kingine chochote. Maumivu ya mwili yanameza kila kitu kilicho karibu yake, na jina ni kitu kidogo sana kushindana na damu.

Tukafunga mlango. Hadithi sasa inamwacha Kibet jioni akiwa kwenye foleni ya wavulana, nywele zimenyolewa, na sentensi inayofuata ni wiki kadhaa baadaye, siku ya kutoka. Tukio la kupewa jina halipo kabisa. Mwandishi alilipinga hili kwa bidii, akisema hadithi nzima inahusu tukio hilo. Nikamuuliza ni lini yeye mwenyewe alihisi ameitwa mtu mzima. Akafikiri, akasema si kibandani. Ilikuwa siku ambayo mtu aliita na yeye hakujua kama anaitwa yeye.

Katika kufunga mlango tulibadilisha pia maneno. Rasimu ilikuwa imemwita motiriot "kungwi". Kwa Mswahili wa Pwani neno hilo linakuja na unyago, na wanawake, na ngoma zake, na chumba kizima kinabadilika. Tukaliacha motiriot lilivyo na kumfanya mtu huyo atokee mara moja tu nje, akitembea mbele ya wavulana, bila fasiri. Neno jando tulilibakiza, kwa kuwa kila msomaji wa Kiswahili analijua na halidai kujua ya ndani.

Hili ndilo tukio lililochukua nafasi ya gunia la mahindi. Wavulana wametoka. Watu wamekula. Uani pamejaa viti.

"Arap Rono!" kogo aliita kutoka mlangoni. Kibet na baba yake waligeuka pamoja. Kwa muda kogo alisimama akiwatazama wote wawili, mmoja akiwa amenyoa kichwa na mwingine akiwa na mvi, na mdomo wake ukabaki wazi kidogo. Baba ndiye aliyegeuka kwanza kurudi kwa wageni. "Anakuita wewe," alisema, bila kumtazama.

Hakuna neno uzito, wala mabega. Tulipomaliza kusoma, yule mama wa kikundini aliuliza swali moja: huyo mama wa Kibet yuko wapi? Tukatazamana. Kurasa 12 na mama alikuwa amepiga vigelegele tu.

Jibu la swali lake ndilo lililoirudisha hadithi Nairobi. Toleo la kwanza liliishia kwenye ngoma, kama hadithi nyingi za jando zinavyoishia, kana kwamba kijana hana Januari. Huyu anayo. Anarudi Umoja, orofa ya tatu, anajiandaa kuingia kidato cha kwanza. Marafiki zake wa ploti wanamwita Kibe, kama zamani. Sare mpya ina kibandiko cha Koech B. K. Hakuna mtu mjini anayelijua jina lake, isipokuwa watu wawili wanaoishi naye, na mmoja wao hataki kulitamka kwa kuwa ni lake mwenyewe. Anabaki mama. Mama amemwita Kibet kwa miaka 14, na sasa kila anapotaka kumwita, anaanza "Ki-" halafu anaishia hapo. Mwandishi aliliandika hilo kwa mistari 6 tu na sikuona haja ya kuongeza. Mama anaacha kumwita kabisa. Anagonga sufuria kwa kijiko chakula kikiwa tayari.

Daftari la chai limewekwa mwishoni, na hapa bado hatukubaliani. Mimi ningelitoa mapema zaidi. Mwandishi ameliweka kwenye ukurasa wa mwisho: usiku kabla ya kwenda shule, baba analeta sanduku la bati litakalobeba vitu vya kijana, sanduku alilotoka nalo kijijini, na chini ya karatasi za kutandikia kuna daftari. Kibet analifungua. Kiprono 9. Kiprono 7. Kiprono 8. Ukurasa baada ya ukurasa, hadi Desemba fulani ambapo safu ni tupu kwa wiki nzima na zaidi. Kisha mwandiko uleule wa babu unaanza tena: arap Koech 19. Mtoto aliyekuwa akipeleka kilo 9 ameondoka, na mwanaume amerudi na kikapu kikubwa zaidi, kwenye shamba lilelile.

Ubishi wetu ni juu ya msomaji asiyejua kanuni ya majina: je, ataelewa kwamba hao wawili ni mtu mmoja? Nadhani nusu ya wasomaji wa Nairobi hawataelewa, na ndiyo maana nilitaka kanuni isemwe mahali fulani, hata kwa sentensi moja kinywani mwa mjomba. Mwandishi alikubali mjomba. Sasa, kwenye ukurasa wa 3, mjomba anamtania Kibet kwamba aliache jina lake mahali pazuri, maana siku moja mwanawe atakuja kulichukua na kuitwa arap Bett. Ni utani wa kawaida kwao, na unabeba kanuni yote.

Hadithi sasa ina kurasa 10. Kabla ya kuituma popote, mwandishi aliisoma yote kwa simu kwa baba yake, ambaye hana mazoea ya kusoma hadithi. Alinisimulia kwamba baba alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, na laini ikawa kimya kiasi kwamba alidhani salio limeisha. Kisha baba akamwomba arudie ile sehemu ya daftari. Akarudia: 9, 7, 8.

"Hiyo ya pili si 7," baba akasema. "Siku hiyo mvua ilinyesha, majani yalikuwa mazito. Nilipeleka 11."

Mwandishi ameibadilisha.